Wiki Mbili za Agosti kwa Wiki Mbili za Oktoba

"Nipe mpaka Alhamisi," Wafula akasema, kisha akarudi kwenye chapati yake.

Tulikuwa kibandani, nyuma ya ghala la kampuni huku Eneo la Viwanda, Nairobi, malori yakipita karibu kiasi cha kututia vumbi kwenye maharagwe. Nilikuwa nimetoka kumwomba tubadilishane likizo: yeye achukue wiki zangu mbili za Agosti, tarehe 12 hadi 23, nami nichukue zake za Oktoba, tarehe 7 hadi 18. Ilikuwa mwanzoni mwa Julai 2024. Wafula silo jina lake, ila linamfaa.

Harusi ya mdogo wangu ilifanyika, nami nilikuwapo. Wafula naye alikuwapo alikotakiwa. Lakini tangu rosta ya likizo ya 2025 ianze kuzungushwa ofisini, wenzetu wamekuwa wakiniuliza tulifanyaje, nami nawajibu kwa sentensi moja kisha nakosa raha siku nzima, kwa sababu sentensi moja haitoshi. Sehemu niliyohangaika nayo siyo ile wanayoiulizia.

## Shangazi na mfunguo tano

Harusi ilikuwa iwe Agosti, ndiyo maana Januari nilijaza Agosti kwenye rosta. Watoto wangekuwa wamefunga shule, na ndugu wa Malindi na Lamu wangeweza kuja Mombasa bila kuvunja masomo ya mtu. Kisha mwezi wa Juni shangazi akahesabu miezi, akakuta karibu Agosti yote itaangukia mfunguo tano, yaani mwezi wa Safar, ambao wazee huuona una mkosi. Katika familia yetu shangazi huyo akisema hakuna harusi ndani ya mfunguo tano, hakuna harusi. Siku mpya ikawekwa: Jumamosi, Oktoba 12.

Mimi ndiye binti mkubwa. Mama miguu haimruhusu kupanda na kushuka ngazi, na mambo ya hina, ya kupamba, ya kupokea wageni na kuwalaza, yalikuwa yananingoja mimi. Kufika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili kungekuwa sawa na kwenda kama mgeni.

Ofisini idara yetu ya hesabu haitoi watu wawili likizo kwa wakati mmoja. Nilipoangalia rosta, wiki za tarehe 7 hadi 18 Oktoba zilikuwa na jina la Wafula.

## Wiki zile hazikuwa sawa

Nilitaka kumwendea siku hiyohiyo. Nikajizuia, nikachukua kalenda kwanza, na nadhani hilo ndilo lililotuokoa baadaye.

Kwa macho ya haraka ni wiki mbili kwa wiki mbili. Ukizihesabu siku za kazi, sivyo. Agosti Kenya haina sikukuu ya kitaifa, kwa hiyo tarehe 12 hadi 23 zinakula siku kumi kamili za likizo. Oktoba ina sikukuu ya tarehe 10, ambayo mwaka ule iliangukia Alhamisi, kwa hiyo tarehe 7 hadi 18 zinakula siku tisa tu. Na kuna zaidi: Mashujaa, Oktoba 20, iliangukia Jumapili, na sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake hupumzikwa. Wafula angetumia siku tisa na kurudi kazini Jumanne tarehe 22. Hakuzichagua wiki zile kwa bahati. Alikaa na kalenda mwezi wa Januari akazitafuta.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 28, inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo kamili. Ukiwa na 21, siku moja si ndogo. Ni ile unayoitunza kwa ajili ya mtoto mgonjwa au mazishi ya mbali.

Kisha kuna kazi iliyomo ndani ya wiki hizo. Mimi ndiye ninayeshughulikia mishahara. Kodi ya PAYE ya mwezi lazima iwe imefika KRA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita, na michango ya NSSF vivyo hivyo. Likizo yangu ya Agosti ilikuwa inaanza tarehe 12, baada ya tarehe 9 kupita na kabla ya matayarisho ya mishahara kuanza tarehe 25 hivi. Nilikuwa sidaiwi na mtu. Nikihamia Oktoba 7, tarehe 9 inaniangukia nikiwa Mombasa, na atakayekuwa amekaa mezani ni Wafula.

Kwa hiyo nilikuwa naomba wiki, na siku moja juu yake, na mtu wa kunilindia tarehe 9. Aliyeulizwa wiki peke yake atajibu kuhusu wiki peke yake, na mengine atayagundua akiwa ameshakubali.

## Jambo lililonisumbua zaidi

Mimi ni mkubwa wa Wafula kazini.

Si bosi wake hasa. Bosi wetu sote ni meneja wa fedha. Lakini fomu yake ya saa za ziada hupita kwangu kutiwa sahihi, na mwisho wa mwaka meneja huniuliza maoni yangu juu ya kazi yake. Mtu wa aina hiyo anapokuomba, unaombwa au unaagizwa?

Nilifikiria kumpitia meneja, aulize yeye. Ingekuwa rahisi kwangu na mbaya kwa Wafula, maana meneja angesema "dada yenu ana harusi, panganeni," na hapo kukataa kungekuwa kumkatalia meneja. Nilifikiria kuandika kwenye kundi letu la WhatsApp, nani anaweza kubadilisha. Lakini aliyekuwa na wiki hizo ni mmoja tu na kila mtu anajua, kwa hiyo ningekuwa nimemwita mbele ya watu. Wangeanza kuweka vikopa na "harusi njema," naye angebaki na neno moja tu la kuandika.

Ndiyo maana nilimwambia kibandani, tukiwa wawili. Nilimweleza ni harusi ya nani na kwa nini siku imehama. Nilimwambia kuhusu siku moja anayoipoteza na kuhusu tarehe 9. Nilimwambia meneja hajui kitu, na kwamba akisema hapana, hatajua kamwe, nami nitaomba siku chache za katikati nione nitapewa ngapi. Mwisho nikamwomba asinijibu siku ile.

Hilo la mwisho lilimshangaza. Alikuwa tayari amefungua kinywa, na naamini neno lililokuwa linatoka ni "sawa."

Nimekulia Pwani, ambako mtu hakatai ombi usoni mwa mwombaji. Unasema "haya, inshallah," kisha unatafuta njia. Nairobi "sawa" inafanya kazi ileile. "Sawa" ya papo hapo, isiyouliza tarehe wala kazi, mara nyingi ni adabu tu, na adabu huisha siku mtu anapoangalia kalenda akaona alichopoteza. Nilitaka aiangalie kwanza.

## Alhamisi

Alikuja mezani kwangu Alhamisi asubuhi, na hakuja na jibu. Alikuja na maswali.

"Hizo wiki za Agosti, dada, ni lazima zianze Jumatatu ya tarehe 12? Siwezi kutoka Ijumaa ya tarehe 9?"

Nikajua mambo yamebadilika. Mtu anayekubali kwa kuogopa haulizi Ijumaa.

Kisha akaniambia. Dada yake aliyeolewa kule kwao Bungoma ana mtoto wa kiume, na familia ilidhani kijana atangoja. Wabukusu hutahiri kila baada ya miaka miwili, mwaka wa shufwa, mwezi wa Agosti. Asiyeingia 2024 anangoja 2026. Januari wakati wa kujaza rosta hakuna aliyemtarajia kijana, lakini mwezi wa Juni akasema mwenyewe yuko tayari, akapewa njuga, akaanza kuzunguka kwa jamaa akiwaalika.

Na mjomba si mgeni katika jambo lile. Siku moja kabla ya kutahiriwa, kijana huenda nyumbani kwa mjomba wake, ndugu wa mama, na mjomba huchinja, akamvika shingoni kipande cha nyama ya kidari, akamsemesha maneno ya kumpa nguvu, ndipo arudi kwao na msafara. Alfajiri yake anapelekwa mtoni kupakwa tope, kisha anarudi kusimama mbele ya ngariba. Kaka mkubwa wa Wafula alikwisha kufariki. Mjomba aliyebaki ni yeye.

Nikamuuliza kwa nini hakuniomba Agosti yangu tangu Juni.

Akasema Agosti ni ya wenye watoto.

Ni kweli, kila ofisi niliyofanya kazi Nairobi ina desturi hii isiyoandikwa popote: Agosti na Desemba ni za wazazi wenye watoto wa shule, na wasio na watoto hupewa kilichobaki. Wafula hajaoa. Aliona kuniomba Agosti ni kuwanyang'anya wanangu likizo yao na mama. Alikuwa amepanga kuomba ruhusa ya siku mbili, asafiri usiku, achinje, ashinde bila kulala, arudi.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda. Mimi nilikuwa naogopa kwamba cheo changu kitamfunga mdomo. Kumbe kilichokuwa kimemfunga tangu mwezi uliopita ni desturi ambayo mimi ndiye ninayefaidika nayo, na ambayo sikuwahi kuifikiria hata mara moja.

Sijui bado kama ile Alhamisi ilikuwa huru kabisa. Je, kama kijana angengoja 2026, Wafula angeweza kuniambia hapana? Kupatana kwetu hakujibu swali hilo. Kulilifunika tu.

## Anayekwenda wa pili

Tulipopatana tulikuwa bado hatujabadilisha chochote. Sheria inampa mfanyakazi haki ya kupata likizo, lakini tarehe hupitishwa na mwajiri, na makubaliano ya watu wawili kibandani hayamfungi mtu hadi yapitishwe.

Hapo ndipo mabadilishano mengi huvunjika, na huvunjika kwa namna moja. Wa kwanza anakwenda, anarudi, kisha kabla ya zamu ya pili kitu kinabadilika: meneja mpya anakuja, mwenzako anaacha kazi, kazi ya dharura inaingia na likizo zote zinasimamishwa. Aliyetangulia ameshapata chake. Hatari yote iko kwa wa pili, na kati yetu wa pili nilikuwa mimi.

Mfumo wetu wa likizo ulikuwa na shida yake. Ili kubadilisha, ilitakiwa kila mmoja afute tarehe zake, kisha aombe upya. Katikati ya kufuta na kuomba, tarehe zinaonekana wazi kwa idara nzima, na Oktoba yenye sikukuu haiwezi kukaa wazi hata saa moja. Basi tukaandika barua pepe moja kwa meneja na afisa wa wafanyakazi, yenye majina yetu wote wawili na tarehe zote nne, tukaomba zibadilishwe kwa pamoja au zisibadilishwe kabisa. Tuliandika pia nani atashika kazi gani, na tarehe 9 ikatajwa kwa jina. Ijumaa ya tarehe 9 Agosti ikaongezwa kama siku yake ya kawaida ya likizo, kwa kuwa mimi nilikuwepo.

Meneja alijibu kwa neno moja. Alichokuwa ameulizwa kilikuwa kimejibiwa mle mle ndani ya barua.

## Oktoba ile

Wafula alikwenda Bungoma. Aliporudi alikuwa na sauti iliyokauka kwa nyimbo, na picha ambazo hakumwonyesha kila mtu.

Kisha Septemba ikaisha, na kukawa wazi kwamba bima ya afya ya NHIF inaondoka. SHA, iliyochukua nafasi yake, ilianza kazi Oktoba 1, 2024, na kuanzia mshahara wa Oktoba makato yangekuwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, yasiyopungua shilingi 300, badala ya ngazi za zamani zilizoishia shilingi 1,700. Aliyekuwa anapata laki moja angekatwa 2,750. Na kila mfanyakazi alitakiwa ajisajili upya.

Hayo yote yaliangukia wiki nilizoziomba.

Nilimwendea tena. Nikamwambia makubaliano yetu ya Julai hayakuwa na jambo hili ndani yake, na kwamba akitaka nifupishe, nitarudi Jumatatu ya tarehe 14. Safari hii alinijibu papo hapo, lakini alinijibu kwa hesabu: mshahara wa Septemba bado unakatwa NHIF, makato mapya yanaanza na wa Oktoba, wewe unarudi tarehe 22, mishahara hatuanzi kabla ya tarehe 25. Kuna haja gani ya kuifupisha likizo?

Nilimaliza yangu Ijumaa ya tarehe 4. Ripoti ya PAYE nikaipandisha kwenye iTax, nambari ya malipo ikatoka, na malipo yakawekwa benki yakingoja sahihi mbili. Moja ikapatikana. Mwenye ya pili alikuwa safarini Kisumu hadi Jumanne. Hapo ndipo tarehe 9 inapoponyoka watu: kila kitu kinaonekana kimekwisha, ripoti imepokelewa, kumbe pesa bado haijatoka, na kodi iliyochelewa ina faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Nilimwachia Wafula karatasi yenye mstari mmoja: usiangalie ripoti, angalia kama pesa imetoka benki. Jumanne saa kumi alinitumia picha ya risiti. Nilikuwa katikati ya watu wa hina, nikaisoma, nikaweka simu.

Ya usajili sikuyajua hadi niliporudi. Watu wa ghala, wengi wao madereva na wapakiaji, walizoea kuleta mambo ya makato mezani kwangu. Hawakunikuta, wakasimama kwa Wafula. Alikaa nao mmoja mmoja, wakipiga *147#, wakitafuta nambari za vitambulisho vya wake na vyeti vya watoto, hadi foleni ikaisha. Hakunipigia simu hata mara moja.

## Siku moja ya Wafula

Ilibaki ile siku moja. Yeye alitumia kumi mahali ambapo angetumia tisa, mimi nikatumia tisa mahali ambapo ningetumia kumi.

Mfumo hauruhusu mtu kumhamishia mwenzake siku ya likizo, na sidhani ungepaswa kuruhusu. Likizo ni ya mtu mwenyewe, na siku zikianza kuhama, wadogo wataanza kuzipoteza kwa wakubwa. Nilichoweza kumrudishia ni kazi. Kila mwisho wa Novemba kuna kuhesabu bidhaa za ghala, Jumamosi nzima, na mwaka ule zamu ilikuwa yake. Nikaomba niichukue.

"Hakuna deni, dada," akasema.

Nikamwambia lipo, na linahesabika. Mtu akikuambia hakuna deni wakati wote wawili mnaliona, nadhani heshima ni kulilipa hata hivyo, hasa kama wewe ndiye unayeweka sahihi kwenye fomu zake. Jumamosi ya tarehe 30 Novemba nilikuwa ghalani tangu saa mbili nikihesabu katoni za sabuni, na Wafula alikuwa kwao Umoja amelala.

## Rosta ya 2025

Mwaka huu nilimwomba meneja tuongeze safu moja kwenye rosta, kando ya tarehe. Nilikuwa nimependekeza kila mtu aandike sababu, lakini wenzangu wawili walikataa, na walikuwa na haki: kuna anayekwenda kliniki na hataki ofisi ijue. Basi safu ile ina neno moja tu, "inasogea" au "haisogei." Anayetafuta mtu wa kubadilishana naye anaanza na wenye "inasogea," na mwenye "haisogei" haendewi.

Zaidi ya hapo, Agosti haijazwi tena na wazazi kwanza. Inajazwa na wote kwa siku moja, na panapogongana watu wanakaa mezani. Wazazi wawili hawakufurahi, na mmoja wao ni rafiki yangu. Wanangu pia watakuwa nyumbani Agosti hii wakati mimi niko kazini wiki ya kwanza, na bado natafuta atakayekaa nao.

Wafula ameandika "inasogea" kwa mwaka wote wa 2025. Ila ameshaniambia nisiguse Agosti ya 2026, maana kijana yule ana mdogo wake.